Kiambishi -ki- Hakitoshi Kuwa Maelezo ya Picha

Sisi tunaohariri vijarida vya wanafunzi tuna dawa yetu ya haraka. Picha inapokuwa haina maelezo, na mwenye mashine ya kuchapa ameshaanza kupiga simu, tunatazama kichwa cha habari. Kama kinasema "Wanafunzi wagoma", tunaondoa ile -a- iliyojificha ndani ya kitenzi, tunaweka -ki- mahali pake, na tunapata "Wanafunzi wakigoma". Tunaandika maneno hayo chini ya picha kwa herufi ndogo. Kisha, kwa kuwa mtu anaweza kuuliza picha imetoka wapi, tunaongeza "Picha: Mtandao", na kazi imekwisha.

Nasema tunafanya hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyeandika maelezo ya picha ninayotaka kuyashambulia hapa. Niliyaandika mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kijarida cha kurasa nne kinachotolewa na wanafunzi wa Kiswahili wa chuo chetu hapa Kampala. Kichwa cha habari kilikuwa "Wanafunzi Wagoma Kupinga Tarehe ya Mwisho ya Ada". Chini ya picha niliandika hivi: "Wanafunzi wenye hasira wakigoma kupinga tarehe ya mwisho ya ada. Picha: Mtandao." Ukiondoa maneno "wenye hasira", ambayo niliyatoa kichwani mwangu, hakuna neno hata moja katika sentensi ile ambalo msomaji hakuwa ameshalisoma juu ya ukurasa kwa herufi kubwa. Ilinichukua nusu dakika kuiandika, na mwenzetu mmoja nusura apoteze mwaka wa masomo kwa ajili yake.

Nianze na picha yenyewe. Ilionyesha msururu wa wanafunzi kwenye jua, wamesimama kando ya ukuta. Mbele kabisa alikuwepo dada mmoja aliyevaa gauni la njano, mkono wake wa kulia uko juu na kinywa kiko wazi. Mgomo ulitokea Jumanne tarehe 12 Machi. Asubuhi hiyohiyo picha ile ilifika katika kundi letu la WhatsApp, ikiwa imepitishwa kutoka kundi jingine, na wote tuliona kile tulichotaka kuona, yaani umati, mkono juu na kelele. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeipiga. Faili lilikuwa na jina linaloanza na IMG-20240312-WA, na mimi nikajiridhisha kwamba tarehe imo ndani ya jina, kwa hiyo picha ni ya leo.

Hapo palikuwa na kosa la kwanza, na ni kosa ambalo wengi wetu bado tunalifanya. Tarehe inayowekwa na WhatsApp katika jina la faili si tarehe ya kupiga picha. Ni tarehe ambayo picha ilipita katika WhatsApp. Picha ya babu yako akiwa shuleni, ukitumiwa leo, itaingia katika simu yako ikiwa na jina lenye tarehe ya leo. Tarehe halisi ya kupiga huandikwa na kamera au simu ndani ya faili lenyewe, pamoja na saa, na mara nyingine mahali pia. Lakini WhatsApp inapotuma kitu kama picha, hukipunguza ukubwa na kufuta maandishi hayo ya ndani. Ukitaka yabaki, ni lazima mpiga picha aitume kama "Document", kama anavyotuma barua au fomu. Tofauti yake ni kubonyeza mahali pengine tu, na sisi hatukuijua.

Ukweli wa picha ile ni kwamba ilipigwa Jumatatu tarehe 19 Februari, wiki tatu kabla ya mgomo. Ukuta ule ni wa ofisi ya mhasibu. Wanafunzi wale hawakuwa wakigoma. Walikuwa kwenye foleni ya kulipa ada, yaani walikuwa wakifanya jambo lililo kinyume kabisa na lile nililowabandika. Na dada wa gauni la njano, siku ya mgomo, hakuwepo hata Kampala. Alikuwa amekwenda kwao kwenye mazishi tangu Jumatatu, akarudi Jumatano usiku.

Kijarida kilitoka Ijumaa. Jumatano iliyofuata dada huyo alipokea barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na nakala ya ukurasa wetu ilikuwa imeambatanishwa kama ushahidi. Kabla ya barua hiyo, mjomba wake, ambaye ndiye anayemlipia ada, alikuwa ameshauona ukurasa huohuo kwenye simu. Alimwambia kwamba hawezi kulipa pesa ili mtu akapige kelele barabarani. Dada alieleza alivyoweza, lakini maandishi yalikuwa yamechapwa, na neno lililochapwa kwetu lina uzito kuliko maelezo ya binti anayejitetea kwa simu.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba kosa langu lilikuwa la uhakiki na si la maelezo ya picha. Wanasema ningehakikisha tarehe, na sentensi yangu ingekuwa salama. Sikubali. Sentensi ile ndiyo iliyoniruhusu nisihakikishe. Kama ningejilazimisha kuandika maelezo yanayotaja watu, mahali na siku, ningekwama kwenye neno la pili, na kukwama huko kungenipeleka kuuliza. Maelezo yanayorudia kichwa cha habari yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajaitazama picha kabisa. Yangeweza kuwekwa chini ya picha ya mbuzi na bado sarufi yake ingekuwa sahihi.

Na kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha, tuitazame sarufi hiyo kidogo. Wahadhiri wetu wametufundisha kwamba -ki- ya aina hii haina wakati wake yenyewe. Hukopa wakati kutoka kwa kitenzi kikuu. Ukisema "Nilimkuta akisoma", kusoma ni kwa wakati uliopita kwa sababu ya "nilimkuta". Ukisema "Utamkuta akisoma", kusoma kumehamia wakati ujao, na -ki- haikubadilika hata kidogo. Sasa, katika maelezo ya picha kitenzi kikuu hakipo. "Wanafunzi wakigoma" ni mkia usio na mnyama. Wagome lini? Jana, mwaka jana, au kila mwaka? Msomaji, akiona kichwa cha habari cha leo, anaazima wakati kutoka huko. Ndivyo kamati ya nidhamu ilivyosoma, na siwezi kuilaumu, kwa sababu ndivyo sentensi yangu ilivyowaelekeza.

Magazeti ya Tanzania, ambayo sisi wanafunzi wa Uganda tumejifunza kwayo mtindo huu, yanaijua hatari hiyo. Chukua mfano wa maelezo ya kawaida kabisa ya gazeti la Dar es Salaam: waziri fulani (kulia) akipokea hundi ya mfano kutoka kwa mkurugenzi fulani, katika hafla fulani, iliyofanyika mahali fulani, jana, na mwishoni mabano yenye jina la mpiga picha. Tunaweza kuyacheka maelezo hayo, na mimi huyacheka, maana wakubwa wanaopokea hundi za karatasi ngumu ni wengi kuliko habari zinazostahili picha. Lakini angalia jinsi -ki- ya "akipokea" ilivyofungwa kamba pande zote: nani, upande gani, kutoka kwa nani, wapi, lini, nani aliyeshuhudia. Sisi tulichukua -ki- na kuziacha kamba.

Hata neno "jana" halitutoshi siku hizi. Lilitosha gazeti lilipokuwa karatasi inayofungia vitumbua kesho yake. Kijarida chetu kinatembea katika simu kwa miezi, na "jana" inatembea nacho, ikibadilika maana kila anayekifungua. Ni afadhali kuandika tarehe.

Maelezo ya picha ile yangekuwaje basi? Mashirika makubwa ya habari, kama vile AP na Reuters, yana desturi ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifuata. Sentensi ya kwanza inaeleza kinachoonekana: ni nani, anafanya nini, wapi, siku gani. Sentensi ya pili inaeleza kile ambacho jicho haliwezi kukiona lakini msomaji anakihitaji ili aielewe ya kwanza. Mara nyingi hizo mbili zinatosha. Nilijaribu kufanya hivyo baadaye sana, baada ya kumpata aliyepiga picha, ambaye alikuwa mwanafunzi wa darasa letu, ameketi mistari miwili nyuma yangu muda wote huo. Alinieleza kwamba watu walianza kupanga foleni saa kumi na mbili asubuhi, kwamba dirisha la malipo lilifunguliwa saa nne, na kwamba kati ya madirisha matatu ni moja tu lililofanya kazi siku hiyo. Kuhusu mkono wa dada wa gauni la njano, alisema alikuwa anamwita rafiki yake aje ashike nafasi. Nikaandika hivi:

"Wanafunzi wa mwaka wa pili wakisubiri kulipa ada nje ya ofisi ya mhasibu, Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, wiki tatu kabla ya mgomo. Walianza kupanga foleni saa kumi na mbili asubuhi; dirisha moja kati ya matatu lilifunguliwa saa nne."

Linganisha na nilichokichapa. Maelezo haya hayarudii kichwa cha habari hata kwa jambo moja, ila neno "mgomo", na hilo limewekwa pale ili kuitenga picha na mgomo. Tena, yanampa msomaji kitu ambacho habari yetu yote ya maneno mia tano haikuwa nacho. Tuliandika kwamba wanafunzi wanapinga tarehe ya mwisho. Hatukuandika kwamba wengine walikuwa na pesa mkononi na hawakuweza kuzilipa kwa sababu ya dirisha moja. Nusu ya sababu ya mgomo ilikuwa ndani ya picha ile, na mimi niliifunika kwa maneno.

Kuna jaribio dogo ninalolitumia sasa. Nafunika picha kwa kiganja, nasoma maelezo pamoja na kichwa cha habari, na kujiuliza kama maelezo yameniambia jambo lolote ambalo kichwa hakikuniambia. Kisha nafunika maandishi yote na kuitazama picha, nikihesabu maswali yanayonijia: huyu ni nani, ameshika nini, kwa nini huyu peke yake amekaa. Kama maelezo hayajibu hata swali moja kati ya hayo, nayafuta. Nilipitia matoleo yetu yote ya mwaka ule kwa kalamu nyekundu nikitumia jaribio hili. Zaidi ya nusu ya maelezo yalianguka, na mengi kati ya hayo yalikuwa yangu.

Picha za vikundi zina mtego wake mwingine, nao nitautaja kwa haraka. "Kulia" maana yake ni kulia kwa msomaji anayeitazama picha, si kulia kwa mtu aliyepigwa. Na kabla ya kuandika "kutoka kushoto", hesabu vichwa, halafu hesabu majina. Jina moja likikosekana katikati, kila mtu anayefuata amepewa jina la jirani yake.

Sasa nije kwa wale wanaonipinga kwa ile methali ya wapiga picha, kwamba picha inajisemea. Mhadhiri wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia hivyo hivyo nilipomweleza kwamba nitaandika insha hii. Aliniambia, "Picha nzuri haihitaji mkalimani, mwanangu." Nilimjibu kwa mfano wa picha ambayo ni maarufu kuliko karibu zote zilizowahi kupigwa katika eneo letu hili.

Mwezi wa Machi mwaka 1993 mpiga picha wa Afrika Kusini, Kevin Carter, alipiga picha huko Ayod, katika sehemu ambayo leo ni Sudan Kusini, jirani yetu wa kaskazini. Mtoto aliyekonda kwa njaa ameinama ardhini, na nyuma yake ametua tai mla mizoga. Gazeti la New York Times liliichapisha tarehe 26 Machi. Ikiwa kuna picha iliyojisemea, basi ni ile. Lakini wasomaji walianza kuliuliza gazeti swali moja: mtoto alipatwa na nini? Maelezo yaliyochapwa chini ya picha yalikuwa yameeleza kile ambacho kila mtu alikiona, yaani mtoto ameanguka njiani akielekea mahali pa kugawia chakula na tai yuko karibu, na hayakwenda mbele ya hapo. Siku nne baadaye gazeti lililazimika kuchapisha taarifa ya wahariri. Lilieleza kwamba, kwa mujibu wa mpiga picha, tai alifukuzwa na mtoto akapata nguvu za kuendelea na safari, ila haikujulikana kama alifika.

Mwaka uliofuata picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer, na Carter akajiua mwezi wa Julai mwaka huohuo. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la Hispania, El Mundo, walikwenda Ayod wakaitafuta familia. Waliambiwa kwamba mtoto alinusurika njaa ile, akakua, na akafa kwa homa miaka mingi baadaye. Waliambiwa pia kwamba alikuwa mvulana. Kwa miaka kumi na minane dunia nzima ilikuwa ikimwita msichana, kwa sababu maelezo ya kwanza yalisema msichana.

Kuna jambo katika picha hiyo ambalo kila nikilifikiria linanisumbua. Kwenye mkono wa mtoto kuna bangili ya plastiki. Bangili hiyo ilionyesha kwamba alikuwa ameshaandikishwa katika kituo cha chakula. Iko pale, inaonekana, na ingeweza kuelezwa kwa maneno machache, na maneno hayo yangebadilisha jinsi wasomaji walivyomfikiria mtoto na hata walivyomfikiria mpiga picha. Jicho liliiona lakini halikujua inasema nini. Hapo ndipo mkalimani anapohitajika, Mwalimu.

Na hapa lugha yetu ina faida ambayo hatuitumii. Mwandishi wa Kiingereza anapoandika kuhusu mtoto, mara nyingi sarufi humsukuma kuchagua kati ya mvulana na msichana, hata asipojua. Kiswahili hakimsukumi mtu. "Mtoto ameinama" ni sentensi kamili na ya kweli, na ungeweza kuandika aya nzima kwa a- na -m- bila kudai kitu usichokijua. Lugha inayokuruhusu kunyamaza mahali usipojua inakuacha na nafasi ya kusema kile unachokijua. Sisi tunaitumia nafasi hiyo kuongeza "wenye hasira" na "wakiwa na nyuso za furaha". Hasira ya nani niliipima? Niliona kinywa kilicho wazi, basi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitoka kwa mwenzangu anayefanya utafiti wake katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Aliniuliza kama ninajua kuwa jina kamili, kijiji na tarehe vinaweza kumletea mtu hatari. Yuko sahihi. Kuna watu ambao hawapaswi kutajwa: mkimbizi anayetafutwa, mtoto aliyedhulumiwa, mgonjwa ambaye hajakubali. Lakini kumficha mtu si sawa na kutosema kitu. Unaweza kuandika kwamba jina limehifadhiwa kwa ombi lake, halafu ukaeleza kwamba alilolibeba ni mgao wa mahindi wa mwezi mzima wa watu watano, kama ndivyo ulivyoambiwa. Mkimbizi aliyeandikwa "Mkimbizi akibeba mzigo" amefichwa jina kweli, lakini amefichwa na kila kitu kingine pia.

Pingamizi la tatu, kwamba nafasi haitoshi, silijadili. Kijarida chetu kiliwahi kutoa robo ya ukurasa kwa tangazo la kuuza kompyuta iliyotumika.

Nimesema machache kuhusu mstari wa "Picha na", na sitaki uonekane kama jambo la adabu tu. Wengi wetu tunaufikiria hivyo, kwamba ni shukrani kwa mpiga picha. Ni haki yake kweli. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inaihesabu picha kuwa kazi inayolindwa, na inampa mwenye kazi haki ya kutajwa jina. Lakini mstari ule ni habari kwa msomaji pia. Unamwambia ni nani aliyekuwepo pale, ambaye anaweza kuulizwa.

Fikiria dada wa gauni la njano alipopokea barua ya kamati. Shahidi aliyeweza kumwokoa kwa dakika tano alikuwepo, na alikuwa na faili la asili katika simu yake lenye siku na saa ya kupiga. Lakini mstari wetu ulisema "Mtandao". Mtandao hauitwi mbele ya kamati. Ilibidi tuifuate picha nyumanyuma, kundi baada ya kundi, kila mtu akisema ameipata kwa fulani, na fulani akisema amefuta ujumbe. Kazi hiyo ilituchukua siku sita. Tarehe 27 Machi mpiga picha alikwenda kwenye kamati na simu yake mkononi, akafungua picha, akaonyesha tarehe, na shauri likafungwa. Mjomba alichelewa zaidi kulegea.

Kwa hiyo maneno haya tunayoyatumia kama yana maana moja yatenganishwe. "Picha na" humtaja aliyebonyeza kamera. "Kwa hisani ya" humtaja aliyekupa, ambaye huenda hajui lolote kuhusu siku ile. Wote wawili wanaweza kutajwa. "Maktaba" maana yake ni kwamba picha ni ya zamani, na haisaidii kitu bila mwaka, kwa sababu zamani ni juzi na zamani ni wakati wa Obote. "Mtandao" na "WhatsApp" hayamtaji mtu yeyote, na mhariri anayeandika neno kama hilo anakiri kwamba hajui anachokichapa. Kama hajui, aitoe picha. Ukurasa usio na picha haujamfikisha mtu yeyote mbele ya kamati.

Katika toleo la Aprili tuliamua kuichapa picha upya, ukubwa uleule na ukurasa uleule, pamoja na masahihisho na kuomba radhi. Kabla ya kwenda kuchapa nilimpelekea dada maelezo mapya ayasome. Nilikuwa nimeyaongezea sentensi ya tatu, kwamba aliye mbele alikuwa akimwita rafiki yake aje ashike nafasi, kama nilivyoambiwa na mpiga picha. Niliona fahari kidogo, kwani safari hii kila neno lilikuwa na shahidi.

Alisoma mara mbili, kisha akanirudishia karatasi.

"Nani kakwambia namwita rafiki?" aliuliza. "Rafiki gani? Nilikuwa namwita muuza rolex. Nilikuwa nimesimama pale tangu saa kumi na mbili sijala kitu. Andika hivyo."

Niliandika hivyo.